Tupeane uzoefu: mlikubaliana kwa mdomo na mwenye mzigo, kikanuka

Mama Mabibo: Nimekumbushwa na kesi ya dada mmoja hapa sokoni. Alikubaliana kwa mdomo magunia 20 ya vitunguu, kila gunia 120,000. Akatuma arbuni 300,000 kwa simu, akabeba manne. Siku ya kuchukua yaliyobaki magari ya Singida yakaingia mengi, gunia likashuka hadi 95,000. Akazima simu. Utetezi wake ulikuwa "hatukuandikishana". Kaamriwa kulipa 580,000.

Kijana wa Sheria: Kaonewa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka maandishi mali ikifika shilingi 200. Akate rufaa.

Mzee wa Mizani: Umesoma nusu, mwanangu. Kifungu hichohicho cha 6 kinasema maandishi hayahitajiki kama mnunuzi kapokea sehemu ya mzigo, au katoa arbuni. Yeye kafanya yote mawili! Siku hizi shilingi 200 haifiki hata fungu la mchicha.

Chausiku: Kweli kabisa.

Fremu 14: Na mwenye fremu aliyenipandishia kodi kwa mdomo je?

Mama Mabibo: Fremu fungulia uzi wake, baba. Mzee, hiyo 580,000 imetoka wapi?

Mzee wa Mizani: Magunia manne aliyobeba ni 480,000. Toa arbuni 300,000, inabaki 180,000. Kumi na sita aliyoyakataa, jamaa kayauza 95,000, kapoteza 25,000 kwa kila gunia, jumla 400,000. Jumlisha. Hakudai bei nzima kwa sababu mzigo ulibaki kwake. Na angeyaacha yaoze kwa hasira, hasara ya kuoza asingelipwa, maana alitakiwa kuuza mapema.

Kijana wa Sheria: Sawa kwa arbuni. Lakini meseji ya muamala inaonyesha 300,000 tu. Magunia 20 yametoka wapi?

Mzee wa Mizani: Hapo umeuliza la maana. Kuli aliyepakia alisikia, na daftari la mwenye mzigo lilikuwa na "20, kabeba 4" ya tarehe ileile. Bila hayo angebaki na 180,000 yake.

Dula Kirikuu: Ndiyo maana mimi sitoi arbuni. Nalipa nikishapakia!

Chausiku: Ukipakia kumi kati ya ishirini umeshapokea sehemu, Dula. Utanaswa vilevile. Bora utume ujumbe: "nachukua kumi tu, 120,000, basi".

Dula Kirikuu: Na yakiwa lumbesa? Nimekubali gunia, kaniletea mlima wenye kofia.

Mama Mabibo: Unalalamika umezidishiwa?

Dula Kirikuu: Ushuru na gari nalipa mimi!

Mzee wa Mizani: Mlitaja kilo au mlisema "gunia" tu?

Dula Kirikuu: Gunia tu.

Mzee wa Mizani: Basi hapo hata hakimu atakuna kichwa.