Mrejesho: ISO iliyogoma kufutika

Niliuliza: "Kompyuta ya stesheneri yetu hapa Mwanga, Kigoma, imejaa. Faili la ISO la Windows kwenye Downloads halifutiki, eti liko wazi kwenye programu nyingine. Nifanyeje?"

Wakuu, limetoka. Aliyesema nitazame This PC alipatia: kulikuwa na DVD Drive ya ziada, na mashine yenyewe haina hata tundu la CD! Kumbe ukibofya ISO mara mbili, Windows huifungua kama diski na kuishikilia. Nikabofya kulia, Eject, nikafuta, nikamwaga Recycle Bin. GB 5 na ushee zikarudi. Setup za .exe hazikusumbua. Ya draiva ya printa tu nimeihamishia kwenye fleshi, maana bando la kuishusha upya ni langu. Sasa kila Ijumaa kabla ya kufunga napanga Downloads kwa Size, naanza na ya juu.