Kampuni ya utalii ijiunge na chalenji ya mzigo wa mlimani, au ipite?

Mwendesha ukurasa, Njiro
Naendesha ukurasa wa kampuni ya utalii hapa Arusha. Kuna chalenji inatrendi: watu wanajitwisha begi kubwa kichwani na kupanda ngazi, nyuma inasikika sauti ya mpagazi anahema, anauliza "jamani, bado?" Bosi anataka sisi wa ofisini tuifanye leo leo kabla haijapoa. Roho yangu inasita ila sina hoja ya kumpa. Tujiunge, au tutaonekana tunawacheka watu?

Kijana wa Sakina
Fanyeni. Chalenji inawaka siku chache tu. Mkisubiri kikao mtaingia wenzenu wameshahamia nyingine, na hapo ndipo mtaonekana washamba kweli. Kama akaunti yenu ni ya biashara na sauti haionekani, badilisheni iwe akaunti ya kawaida. Sauti inafunguka, kazi imekwisha.

Msimamizi wa kurasa za hoteli, Moshi
Mdogo wangu, kuhusu muda uko sahihi. Kuhusu sauti umeshika nusu. Ni kweli TikTok inaipa akaunti ya biashara sauti zilizoruhusiwa kwa matangazo tu, na ukihamia ya kawaida unaona zote. Lakini video ya kampuni inayouza safari ni tangazo hata ukiipandisha kwa akaunti gani. Ukiwasha alama ya kutangaza biashara yako, kama masharti yao yanavyotaka, unarudishwa kwenye sauti zilezile za biashara. Usipoiwasha, video inaweza kunyamazishwa, na siku mkitaka kuilipia iwafikie watu wengi, sauti hiyo ndiyo itakayowakwamisha.

Ila dada wa Njiro, hilo ni la pili. La kwanza ni kujua sauti hiyo imetoka wapi. Bonyeza kile kisahani kinachozunguka chini kulia mwa video, utafunguka ukurasa wa sauti wenye video zote zilizoitumia, na ya kwanza huwa imeandikwa Original. Iangalie yote mpaka mwisho, kisha soma maoni ya zamani yaliyo chini yake. Usiridhike hapo, maana mara nyingi mtu hukata kipande kwenye video ya mwenzake na kukipandisha upya, na jina linakuwa lake. Ukiona video hiyo "ya kwanza" inaanza katikati ya neno, au watu wanaandika "hii mbona ya kitambo", jua chanzo ni kingine. Endelea kutafuta kwa maneno yanayosikika. Unachotaka kujua ni kitu kimoja: yule anayehema alikuwa anatania na wenzake, au alikuwa anaumwa kweli?

Mwaka 2014 Marekani, wanawake walikuwa wanatumia #WhyIStayed kusimulia kwa nini walikaa na wanaume waliowapiga. Kampuni ya piza ya DiGiorno ikaona inatrendi, ikaidandia kwa kuandika kwamba ulikaa kwa sababu ulikuwa na piza. Waliifuta haraka, wakakiri kwamba hawakusoma inahusu nini kabla ya kuandika, wakawa wanawaomba radhi watu mmoja mmoja. Dakika chache za kusoma zingewaokoa.

Mwenye saluni, Mbuyuni
Mimi nimefanya chalenji zote, kucheza, kubadilisha nguo, hata ile ya kujifanya mteja mkorofi. Watu wanatazama, wanacheka, saluni haina mtu! Nifanye nini?

Msimamizi wa kurasa za hoteli, Moshi
Mama, hilo ni swali lingine kabisa. Wanaokutazama wako Dar na Mwanza, hawawezi kuja kusukwa Moshi. Tulifungulie mjadala wake, hapa tutalipoteza.

Mpagazi, Marangu
Naomba niseme, maana mnaongelea kichwa changu. Hiyo video mimi na wenzangu tunaicheka kambini kila jioni. Hatujakasirika. Mgumu, ndivyo tunavyoitana wapagazi, akimcheka mgumu mwenzake hakuna neno, wote tumetoka getini na mzigo.

Lakini wa ofisini akijitwisha begi lenye nguo mbili, akajifanya anaanguka, mimi nawaza mengine. Getini mzigo unapimwa, kilo 20 ndiyo mwisho, na kuna kampuni ambazo mtu akishapita mizani anaongezewa. Kuna vijana wanapanda na viatu vya kuazima. Kuna wanaosubiri ujira wao wiki nzima baada ya mgeni kurudi kwao. Kampuni inayonilipa ikinicheka nikihema, nitauliza: mzigo huo ulikuwa kilo ngapi, na ulinilipa shilingi ngapi? Nikinyamaza mimi, watauliza wengine kwenye maoni.

Msimamizi wa kurasa za hoteli, Moshi
Dada wa Njiro, hoja ya kumpelekea bosi ndiyo hii. Utani ni uleule, ila ukitoka kwa anayelipa mshahara unakuwa mwingine. Na wageni wenu wanafuatilia haya. Hapa Moshi kuna KPAP, mradi unaoangalia wapagazi wanavyotendewa, na wapo wageni wanaouliza kama kampuni imo kwenye orodha yao kabla ya kulipa hata senti. Mgeni wa namna hiyo akifungua ukurasa wenu akakuta wafanyakazi wa ofisini wanaigiza mpagazi aliyechoka, hahitaji tafsiri.

Hivyo kabla hamjarekodi, muulize bosi: mpagazi akiandika pale chini "mnalipa ngapi?", tunalo jibu la kuandika hadharani? Kama lipo, mnaweza kujiunga kwa upande mwingine. Begi liwekwe kwenye mizani, kamera ione namba, mpagazi mwenyewe aseme ndiyo kilo hizo na si zaidi. Sauti ile msiiguse, rekodini ya kwenu, na lile la akaunti linakuwa limeisha. Kama jibu halipo, piteni. Hakuna mteja atakayewauliza kwa nini hamkufanya chalenji.

Kijana wa Sakina
Hilo la mizani limenishika. Ila mnakuza mambo. Watu wanatazama sekunde tano wanapita, nani anawaza ujira?

Mpagazi, Marangu
Anayewaza ni asiyelipwa, mdogo wangu.

Mwongoza watalii mstaafu, Machame
Nina wasiwasi na hilo la kumweka mpagazi mbele ya kamera. Bosi akimwambia kijana "njoo turekodi", atakataaje wakati safari ya Jumatatu anaitegemea? Atacheka kwenye video na moyoni hataki. Mkimtumia, mlipeni siku hiyo kama siku ya kazi, na anayemuomba asiwe yule anayepanga majina ya safari.

Msimamizi wa kurasa za hoteli, Moshi
Shikamoo mzee. Malipo nakubali. Lakini hata akiombwa na mwingine, habari itamfikia mpanga majina. Hapo sina dawa. Labda kumtafuta ambaye kwa sasa hafanyi kazi kwao, ingawa hapo mzigo unaopimwa si wa kampuni tena na video inapoteza ukweli wake.

Mwendesha ukurasa, Njiro
Nimeitafuta sauti. Ile iliyoandikwa Original inaanza katikati ya neno, kama ulivyosema. Chanzo chenyewe nimekipata, ni video ndefu zaidi, na mwishoni wenzake wanampokea begi, wanamkalisha, hacheki. Sijui alifika au alishushwa. Nimemtumia bosi video nzima pamoja na swali la "mnalipa ngapi". Ameitazama, hajajibu. Chalenji ya leo nimeiondoa kwenye ratiba, nimeweka picha za wageni walioshuka jana.

Mpagazi, Marangu
Akijibu hilo la malipo, tuandikie hapa.