Tupeane uzoefu: Video ipi inakulipa jasho lako, na unajuaje?

MfugajiMikese

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni wa wenye chaneli za YouTube ambazo tayari zinaingiza pesa za matangazo. Video ikikugharimu pesa na muda, unapimaje kama imerudisha? Naanza na zangu mbili za ufugaji wa kuku, zote zimetimiza mwaka.

Ya kwanza ni ya kuchanja kuku dhidi ya mdondo. Nilirekodi kwa simu bandani kwangu: kijana kashika kuku, mimi naonyesha tone moja la chanjo linavyoingia jichoni, na kwamba usimwachie mpaka apepese jicho. Dakika saba tu. Bando na chanjo shilingi 7,000, kazi yangu saa 6. Saa yangu naiwekea 3,000, maana ndiyo ninayoikosa nisipokuwa dukani. Jumla 25,000.

Ya pili ni ziara ya shamba kubwa Iringa, dakika kumi na nane. Nauli, lodge, mpiga picha na wa kuediti vilikula 310,000, na saa zangu 30. Jumla 400,000.

Miezi mitatu ya mwanzo Iringa ilitazamwa mara 40,000, chanjo 9,000. Baada ya mwaka, Iringa imesimama kwenye 48,000 na chanjo imefika 30,000, bado inapanda. Sababu naiona kwenye maoni: chanjo hii inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo watu wanaitafuta tena na tena. Ziara mtu akishaitazama mara moja imetosha.

Wastani wa mtazamaji ni dakika nne kwa zote mbili. Kwa hiyo Iringa ina saa 3,200 za kutazamwa, chanjo 2,000. Mapato ya mwaka ni kama 72,000 na 34,000. Mimi nagawanya hivi:

```
gharama ÷ saa za kutazamwa
mapato ÷ saa za kutazamwa
```

Saa moja ya Iringa imeingiza shilingi 22 na ushee, ya chanjo 17. Ukiishia hapo utasema Iringa ni bora, na kweli inalipa zaidi kwa saa, kwa kuwa imepita dakika nane na inaruhusiwa matangazo katikati. Lakini saa hiyohiyo ya Iringa imenigharimu 125, ya chanjo 12 na nusu. Chanjo imejilipa na kubakiza. Iringa imerudisha chini ya robo.

Leteni zenu, na gharama zake msizifiche.

Jembe_la_Tanga

Mkuu, umefanya kazi nzuri, ila hapo kwenye mapato unapunjwa. Mimi nikifungua takwimu zangu naona dola 2 kwa kila watazamaji elfu. Tatizo ni hiyo video ya dakika saba. Ivute ifike nane, uweke matangazo katikati, utaona mambo.

Mkataji254

Kaka wa Tanga, hizo dola 2 huenda unazisoma kwenye CPM. Hiyo ni ile mtangazaji analipa kwa matangazo elfu moja yaliyoonyeshwa, kabla YouTube hawajachukua fungu lao, na si kila anayetazama huonyeshwa tangazo. Soma RPM. Hiyo ndiyo inakufikia, kwa kila mara elfu video ilipotazamwa. Kwenye matangazo ya video ndefu wewe unabaki na asilimia 55.

La dakika nane uko sawa nusu. Nahariri chaneli za watu kadhaa hapa Nairobi, na wateja huniambia kila wiki, "niongezee dakika moja". Naongeza salamu ndefu mwanzoni, kisha mstari wa watazamaji unaporomoka kabla jambo lenyewe halijaanza. Mtu akitoka dakika ya pili, tangazo la dakika ya tano halimkuti. Ile ya chanjo ningeiacha ilivyo, ama niongeze kitu cha maana, kwa mfano jinsi ya kubeba chanjo isiharibike njiani.

Mfugaji, hesabu yako naikubali, lakini Iringa umeihukumu peke yake. Ingia `YouTube Studio`, kisha `Analytics`, halafu `Advanced mode`. Tazama safu ya `Subscribers` kwa kila video. Halafu fungua ile ya chanjo, nenda `Traffic source`, bonyeza `Suggested videos`, uone ni video gani zinaisukumia watu. Kama Iringa ipo juu, sehemu ya zile saa 2,000 imeletwa na ile safari.

BintiWaMuscat

Mimi napika, chaneli ya mapishi ya pwani, naishi huku Oman. Swali langu liko kwenye gharama. Nikinunua nguru nikampika wa kupaka, nikarekodi, jioni familia tunamla. Bei ya samaki naiandika yote, nusu au siiandiki? Kwa sasa naandika kile tu ambacho nisingenunua kama sirekodi, yaani ukwaju wa ziada, mkaa, na samaki wa pili ninayemharibu kwa kumgeuza mbele ya kamera.

Na RPM yangu inapanda watazamaji wa huku Ghuba wakiwa wengi, ikishuka wa nyumbani wakizidi. Mapishi ni yaleyale, jasho lilelile. Kwa hiyo kulinganisha video mbili bila kuangalia zilitazamwa wapi, mimi naona hapatoshi.

Dogo_Shorts

Wakuu, mie nina video fupi zimetazamwa sana, zile Shorts. Nikijumlisha hizo saa zinanifikisha 4,000 za kufunguliwa matangazo?

Mkataji254

Hapana mdogo wangu. Muda unaotazamwa kwenye mlisho wa Shorts hauingii kwenye zile 4,000. Kwa upande wa fupi kuna mlango wake: kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90, pamoja na wafuasi 1,000.

Dada wa Muscat, hiyo njia yako ya samaki nami naifuata. Na msimu pia ni muhimu. Desemba watangazaji wanatoa pesa, Januari wanajikunja. Usiweke video ya Desemba na ya Januari kwenye mwezi wao wa kwanza ukadhani umelinganisha. Mpe kila moja mwaka wake mzima tangu siku uliyoipandisha.

MfugajiMikese

Nimeingia huko ulikosema. Iringa imeleta wafuasi 900, chanjo 260. Kwenye `Suggested videos` za chanjo, Iringa ni ya tatu, inaleta kama saa 150 kati ya zile 2,000. Kwa mapato ni shilingi 2,500 hivi, haizibi shimo. Ila kuna jambo moja bado sijui niliweke wapi: baada ya Iringa, watu wawili walinipigia wakanunua vifaranga dukani. Walisema wameniona "kule shambani". Faida ilikuwa 120,000.

Jembe_la_Tanga

Weka kwenye video! Bila safari wangekupata wapi?

Mkataji254

Mimi singeiweka. Hiyo ni faida ya duka, na vifaranga vina gharama zake na hatari zake. Iandike safu ya pembeni. Ukiichanganya, kesho utasafiri tena ukitegemea wateja ambao huenda wasipige.

BintiWaMuscat

Kaka Mkataji, hapo sikubaliani nawe. Kama namba ya duka iko kwenye video, video ndiyo imeuza. Hata ukiiongeza yote, Iringa inafika 192,000 kwa 400,000. Swali ni kama ungeweza kwenda na simu yako, bila mpiga picha. Yeye peke yake alichukua ngapi?

MfugajiMikese

Mpiga picha na wa kuediti pamoja, 190,000.