Mrejesho: akili hushuka lini?

Niliuliza: "Mbona kupima rika zote kwa mpigo kunaonyesha akili inashuka mapema, ila kufuatilia watu walewale kunaonyesha inachelewa?"

Wakuu, nimerudi. Nimesoma utafiti wa mwanasaikolojia Schaie, ulioanza Seattle, Marekani, mwaka 1956 na kupima watu kila baada ya miaka 7. Kumbe mzee wa 65 alikaa shuleni miaka michache kuliko kijana wa 25, kwa hiyo pengo lao si uzee mtupu, ni tofauti ya vizazi.

Ufuatiliaji nao una mtego: wanaojitoa au kufariki huwa na alama za chini tangu mwanzo, wanaobaki wanapandisha wastani. Ndiyo maana Schaie aliongeza washiriki wapya kila awamu, awalinganishe na wa zamani. Kwenye data zangu mwenyewe za ufuatiliaji nimetenganisha alama za kwanza za waliopotea na waliobaki. Pengo lipo, tena si dogo.