Mwanangu tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule na vipimo vyote ni safi. Nimtoe asomee nyumbani?

Mama Nasri
Salaam wana jukwaa. Nina kijana wangu wa miaka 9, yuko darasa la tatu. Tangu muhula huu uanze, kila asubuhi ya shule anashika tumbo. Huwa linaanza pale anapovaa soksi. Uso unambadilika, chai haishuki, wakati mwingine anatapika mate matupu. Nimempima choo, mkojo, taifodi, vidonda vya tumbo, na ultrasaundi tumefanya hospitali mbili tofauti. Kote naambiwa hamna kitu. Dawa za minyoo kameza. Mwalimu wa darasa analalamika kuwa vipindi vinampita. Nafikiria nimtoe asome nyumbani na mwalimu wa kumlipa mpaka apone. Naombeni mnielekeze daktari mzuri wa matumbo ya watoto hapa Dar, na waliosomesha watoto nyumbani waniambie walifanyaje. Tafadhali msinijibu kwa matusi, silali.

Chuma cha Pua
Dada, huyo hataki shule tu. Sisi tulikwenda peku na tumbo likiuma tulichapwa likapona njiani. Mpeleke bweni akomae.

Mwalimu wa Tanga
Bweni darasa la tatu? Wizara ilishakataza tangu 2023, bweni ni kuanzia darasa la tano labda shule iwe na kibali maalumu. Mama Nasri, mimi naanzia upande wa shule. Muulize mtoto kwa utulivu kama kuna mwalimu anayemtisha, wakubwa wanaomnyang'anya hela, au anaogopa choo cha shule. Watoto wengi hujizuia choo kutwa nzima, na tumbo linauma kweli.

Mzee Mkwaju
Wangu alikuwa hivyo hivyo, Morogoro huko, tukahangaika mwaka mzima kumbe ni maziwa. Tulipoacha maziwa akapona, leo ni fundi umeme na ana watoto wawili. Achana na maziwa.

Nesi Kliniki ya Watoto
Mama Nasri, pole. Kabla ya kutafuta daktari mwingine nijibu haya. Jumamosi na Jumapili tumbo linauma? Likizo je? Usiku linamwamsha? Ukimwambia akuoneshe panapouma, anaonesha kwa kidole kimoja au kwa kiganja kizima? Amepungua uzito? Amewahi kuona damu kwenye choo?

Mama Nasri
Jumamosi hamna, anacheza mpira mpaka magharibi. Likizo alikuwa kwa bibi yake Bagamoyo, hakulalamika hata siku moja. Usiku analala vizuri. Anaonesha kwa kiganja, katikati hapa kitovuni. Uzito haujapungua na damu hamna. Linaanza saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa nne limeisha na yuko uwanjani anacheza. Jumatano ndiyo linazidi, sijui kwa nini. Na shuleni anasema hakuna anayemwonea.

Nesi Kliniki ya Watoto
Umenipa picha nzuri. Maumivu ya kitovuni yanayokuja saa kumi na mbili asubuhi, yanayoisha saa nne na kupotea siku za mapumziko, kwa mtoto anayekua vizuri, mara nyingi ni tumbo la hofu. Na simaanishi anadanganya. Mwoga akijiandaa kukimbia, utumbo wake hubana na kuchafuka kwelikweli, anayaskia maumivu kama wewe unavyoskia ya hedhi. Ndiyo maana kumwita mwongo hakusaidii.

Sasa swali moja ambalo wengi hawapendi kuulizwa. Asubuhi, kabla mtoto hajasema lolote, wewe unamwambia nini?

Mama Nasri
Namuuliza tu kama mama. "Tumbo linaendeleaje leo?"

Nesi Kliniki ya Watoto
Kila siku?

Mama Nasri
Kila siku ndiyo, na namgusa nione kama limekaza. Nisipomuuliza mimi, nani amuulize?

Binti wa Mikindani
Dada, kwa nini tumbo? Wengine tunaogopa bodaboda, wengine malaria. Wewe tumbo limekuingia vipi?

Mama Nasri
Sikutaka kuliandika hili. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alianza kulalamika tumbo akiwa shuleni. Akaambiwa alale kwenye benchi ya ofisi. Jioni karudi nyumbani na homa, wakampa dawa ya maumivu. Kufikia kupelekwa hospitali kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Hakurudi. Nasri alikuwepo msibani, aliyasikia yote. Kwa hiyo msiniambie nisimuulize mwanangu tumbo.

Mwalimu wa Tanga
Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Poleni sana.

Chuma cha Pua
Pole dada. Yale ya kuchapwa nayafuta.

Nesi Kliniki ya Watoto
Poleni mno. Hili ndilo lilikuwa linatafutwa katika uzi mzima. Ngoja nikueleze kidole tumbo kinavyokuja, ili ujue cha kuogopa. Huanza kitovuni, ndani ya saa kadhaa maumivu huhamia chini kulia na hayaondoki. Mtoto hataki kula, anatapika, homa inapanda, na anatembea ameinama. Mwambie aruke kidogo: atakataa, au atalia akitua. Mwenye dalili hizo ni hospitali siku hiyohiyo, usimpe dawa ya kutuliza ukasubiri kesho. Wa kwako kila siku saa nne yuko uwanjani.

Kuhusu hofu kuhama, watafiti wa Marekani walichapisha jaribio moja mwaka 1985. Waliweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza yenye kioo, upande mmoja chini ya kioo pakionekana kama pana kishimo. Mama alisimama ng'ambo, hasemi kitu, anatumia uso tu. Mama alipoonesha furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonesha hofu, kati ya 17 hakuvuka hata mmoja. Hao hawajui hata kuongea. Nasri ana miaka 9, anakuona unavyomgusa tumbo huku macho yamekutoka. Wewe unauliza "linauma?", yeye anasikia kwamba mama naye anadhani nitakufa kama binamu.

Mzee Mkwaju
Hofu iko kwenye damu. Mama yangu mwoga, mimi mwoga, dada zangu waoga. Huwezi kuitoa.

Nesi Kliniki ya Watoto
Mzee wangu, shikamoo. Nusu nakuunga mkono, wapo wanaozaliwa na moyo mwepesi. Lakini Nasri alikaa Bagamoyo likizo nzima bila tumbo, na damu yake ni ileile.

Mama Nasri
Kwa bibi hakukuwa na shule! Ndiyo maana nasema nyumbani ni salama. Na ukweli ni kwamba mwalimu nimeshampata, nimempa malipo ya mwezi wa kwanza. Shuleni nimewaambia likizo fupi ikifika harudi. Nilitaka tu kujua wenzangu walipangaje ratiba ya masomo.

Binti wa Mikindani
Kumbe umeshaamua! Ushauri wa nini sasa?

Mama Nasri
Sijaamua, nimejiandaa. Ni tofauti. Nyinyi hamkuliona lile jeneza.

Jicho la Tatu
Samahani, mimi huu uzi naona umetungwa. Mwezi uliopita ulichangia kwenye uzi wa biashara ukasema una kibanda cha uwakala wa fedha na unafunga jioni sana. Leo unajua mtoto saa nne yuko uwanjani anacheza. Umemwonaje? Mara huu, mara ule. Kuna watu humu wanatunga misiba ili wapate michango.

Chuma cha Pua
Mmh. Hapo ana hoja.

Mwalimu wa Tanga
Msiba wa mtu usiutilie shaka hadharani, Jicho. Kama huamini, pita.

Jicho la Tatu
Naomba jibu tu.

Mama Nasri
Hakuna niliyemwomba hata shilingi. Kibanda ninacho. Nilikihamisha. Kilikuwa kituoni, sasa kiko ng'ambo ya geti la shule. Kutoka pale naliona darasa lake na uwanja. Wateja wamepungua, nusu ya niliokuwa nao hawajui nilikohamia. Lakini yeye akichungulia dirishani ananiona na anatulia. Umeridhika?

Jicho la Tatu
Nimeelewa. Bado sijui kama ni kweli, ila nimeelewa.

Nesi Kliniki ya Watoto
Iwe kweli au isiwe, wapo wazazi wanaosoma hapa kimya wenye kibanda cha aina hiyo, kwa hiyo naendelea.

Mama Nasri, anatulia kwa kuwa anakuona, na ndipo anapojifunza kwamba bila kukuona hayuko salama. Kila unachomwondolea ili asiogope kinampa nafuu leo na kuikuza hofu kesho. Ukimtoa shule, tumbo litapona wiki ya kwanza na utaamini ulifanya vizuri. Baadaye litahamia dukani, madrasa, kwa bibi. Siku ya kumrudisha itakuwa ngumu mara kumi ya leo.

Usianze na kibanda. Anza na swali la asubuhi. Mwambie leo jioni, mkiwa mmeshakula na ametulia: "Kuanzia kesho sitakuuliza tumbo. Likikuuma utaniambia mwenyewe." Akilalamika, mjibu maneno mawili tu: "Najua unaogopa, na najua utaweza." Usimhubirie wala kumbembeleza, na mkono usiende tumboni. Kubaliana naye kinachomweka nyumbani: homa iliyoonekana kwenye kipimajoto, kuharisha, kutapika chakula, au zile dalili za kidole. Nje ya hapo anakwenda. Likimshika shuleni, apumzike ofisini robo saa kisha arudi darasani. Mwalimu awe na zile dalili kwenye karatasi, akiona mojawapo akupigie mara moja.

Wiki za mwanzo atazidi. Atalia, atasema humpendi. Hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa, na mtoto anajifunza kwamba akilia zaidi kidogo atashinda. Ukishavuka, ndipo kibanda kirudi kituoni.

Binti wa Mikindani
Nesi, mtoto si aende kwa mwanasaikolojia?

Nesi Kliniki ya Watoto
Anaweza. Ila kuna tiba iliyoanzia Chuo Kikuu cha Yale ambapo mzazi peke yake ndiye anayehudhuria, mtoto haingii kabisa. Waliilinganisha na tiba ya kuzungumza na mtoto mwenyewe, matokeo yakakaribiana. Kwa hiyo Mama Nasri akienda yeye kliniki ya afya ya akili, Muhimbili kwa mfano, hajapoteza muda. Na ule msiba bado anao, unahitaji mtu wa kumsikiliza.

Chuma cha Pua
Hii ya kumwacha alie mimi ndiyo niliyosema mwanzoni, mmenibeza.

Nesi Kliniki ya Watoto
Wewe ulisema bweni na fimbo. Mimi nasema hatua moja, mama yake akiwepo nyumbani jioni. Mtoto asiyejua kuogelea humsukumi kina kirefu.

Mwalimu wa Tanga
Mimi bado nina Jumatano moyoni. Hofu ya mama ni kila siku, kwa nini Jumatano izidi? Mama Nasri, angalia ratiba ya darasa, kuna somo gani siku hiyo na nani anafundisha.

Mama Nasri
Jumatano kuna hesabu vipindi viwili na michezo. Mwalimu wa hesabu ni mkali lakini hachapi, nadhani. Nitamuuliza.

Swali la asubuhi naweza kujaribu. Kibanda siwezi, msinilazimishe. Na mwalimu wa nyumbani hela yake hairudi, nimwambie aje jioni baada ya shule?

Mwalimu wa Tanga
Aje jioni, aanze na hesabu. Na shuleni nenda kesho uwaambie kuwa lile neno "harudi" ulilitoa mapema.

Mzee Mkwaju
Na maziwa mpunguzie, haidhuru.