Ulinganisho: nambari za ankara zisizojirudia wala kuruka, duka la kaunta mbili

Mtandio_Mweusi
Duka ni la leso na vitambaa, Mtaa wa Biashara. Chini kaunta mbili, juu kompyuta ya mhasibu. Ankara za hoteli na mafundi cherehani ni kama 30 kwa siku, na mhasibu akizipanga mwisho wa mwezi anakuta 212 ziko mbili na 219 haipo kabisa. Kwa sasa ni lahajedwali moja inayofunguliwa na wote watatu, nambari inatoka kwa fomyula hii:

```
=MAX(A:A)+1
```

Nalinganisha njia tatu: vitabu vilivyochapwa nambari, hifadhidata inayotoa nambari yenyewe, au tarehe na saa kama 20250314-1042. Ipi inafaa?

Kijana_wa_Kongowea
Tarehe na saa, yakhe. Saa hairudi nyuma, kwa hivyo nambari haijirudii. Umemaliza.

Bi_Daftari
Mwanangu, kaunta mbili zikiuza dakika moja umepata mapacha. Ukiongeza sekunde, mapacha watapungua tu, hawataisha. Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba kati ya 1042 na 1057 hakuna ajuaye kama kuna ankara iliyochanwa. Mfululizo wa 417, 418, 419 unajishuhudia wenyewe: 418 ikikosekana, mkaguzi anaiona bila kuambiwa. Kwa duka lililosajiliwa VAT, nambari ya mfululizo ni moja ya vitu vinavyotakiwa kwenye ankara ya kodi, na kumbukumbu zinatunzwa miaka 5.

Vitabu si vibaya. Kitabu chenye kurasa za nakala kinajilinda, kwani ukurasa ukiharibika unaandikwa IMEFUTWA na nakala zote zinabaki kitabuni. Lakini kaunta mbili ni vitabu viwili, basi kila kimoja kiwe na herufi yake. Usichukue 1–50 huku na 51–100 kule, kwa sababu kimoja kitaisha mapema na mfululizo wa tarehe utavurugika.

Pweza
Kwani eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, haitoi nambari? Tuma KRA, chukua ya kwao, mambo kwisha.

Fundi_Mtwapa
Pweza, hiyo ni nambari ya pili. Ya KRA inakuja ankara ikishatumwa, na mtandao ukikatika unabaki na mteja mbele yako na karatasi isiyo na nambari. Ya duka itangulie, ya KRA na msimbo wa QR zifuate juu ya ankara ileile.

Sasa swali lenyewe. MAX+1 inarudia kwa sababu wawili wanasoma 211 kabla yeyote hajahifadhi, na wote wanaandika 212. Hifadhidata inazuia hilo, ila msidhani nambari yake ya kujiongeza haiachi pengo. `AUTO_INCREMENT` ya MySQL na `SEQUENCE` ya PostgreSQL hutoa nambari kabla muamala haujakamilika. Muamala ukikwama, tuseme salio la kitambaa halitoshi, kila kitu kinarudi nyuma isipokuwa nambari. 219 yenu ikihamia huko itapotea vilevile, tena bila mtu wa kulaumiwa.

Kijana_wa_Kongowea
SQLite haifanyi hivyo. Nimekwamisha miamala makusudi na hairuki.

Fundi_Mtwapa
Kweli, hairuki kwa muamala kukwama. Lakini bila neno `AUTOINCREMENT` huchukua namba kubwa iliyopo na kuongeza moja, kwa hivyo ukifuta ankara ya mwisho kabisa, inayofuata inapewa nambari ileile. Umeponya pengo, umeleta pacha.

Njia ya nne ndiyo ningeichukua: jedwali dogo la kihesabu, mstari mmoja kwa kila mfululizo na mwaka. Nambari inachukuliwa ndani ya muamala uleule unaoandika ankara.

```sql
BEGIN;
UPDATE kihesabu SET mwisho = mwisho + 1
 WHERE mfululizo = 'B' AND mwaka = 2025
 RETURNING mwisho;          -- imerudisha 418
INSERT INTO ankara (mfululizo, mwaka, nambari, jumla)
 VALUES ('B', 2025, 418, 46400);
COMMIT;
```

Kaunta ya kwanza inauzia hoteli vitambaa vya 40,000, na VAT ya 16% inafika 46,400. Kihesabu kilikuwa 417, kinakuwa 418, na mstari ule unafungwa. Kaunta ya pili ikibonyeza papo hapo inangoja mpaka `COMMIT` ikamilishe muamala, kisha inapata 419. Ya kwanza ikikwama, kihesabu kinarudi 417 na ya pili ndiyo inayopata 418. Kwa ankara 30 kwa siku hakuna atakayehisi huko kungoja.

Weka pia `UNIQUE (mfululizo, mwaka, nambari)` na `NOT NULL` kwenye nambari. Ikifika Januari 1 na mstari wa mwaka mpya haupo, `UPDATE` haitarudisha kitu, na bila `NOT NULL` mtauza asubuhi nzima kwa ankara zisizo na nambari. Kwenye MySQL hakuna `RETURNING` hapo. Soma kwanza kwa `SELECT ... FOR UPDATE`, halafu uongeze.

Kosa la kawaida ni kuweka printa au eTIMS ndani ya muamala huo. Karatasi ikikwama, kaunta ya pili nayo imekwama. Fanya `COMMIT` kwanza, halafu tuma, halafu chapa. Ikishindikana kuchapwa, chapa tena 418 ileile. Ikishindikana kutumwa, ibaki inasubiri kwa nambari hiyohiyo. Usiitengenezee nyingine.

Bi_Daftari
Na rasimu zisipewe nambari. Hoteli inaomba bei leo, inanunua Alhamisi au hainunui kabisa. Ukiipa nambari leo, pengo umejichimbia mwenyewe. Ankara iliyokwisha kutoka haifutwi wala haihaririwi. Hoteli ikirudisha kitambaa, 418 inabaki ilivyo na unatoa krediti noti kwenye mfululizo wake, ikiitaja 418.

Mtandio_Mweusi
Nimeelewa. Na nambari yenyewe iandikwe vipi, B-2025-418?

Fundi_Mtwapa
B-2025-00418. Bila sifuri za mbele, kompyuta ikipanga kama maandishi itaweka 1000 kabla ya 418, na Bi Daftari atatafuta pengo lisilokuwepo. Kila jioni mhasibu aendeshe hii:

```sql
SELECT MAX(nambari) - COUNT(*) FROM ankara
 WHERE mfululizo = 'B' AND mwaka = 2025;
```

Mkianza na 1, jibu liwe 0. Ikitoka 1, kuna iliyofutwa kwa mkono.

Jingine: mkirudisha bekapu ya jana usiku, kihesabu kinarudi na bekapu. Kama asubuhi mlifika 431 na bekapu inasema 418, karatasi 13 ziko kwa wateja na kompyuta haizijui. Kabla ya kuuza, ziingizeni kutoka kwenye nakala kwa nambari zake, ndipo mpandishe kihesabu hadi 431.

Pweza
Na tawi la Likoni lisilo na mtandao mchana? Mimi ningelipa fungu la nambari 100 kila asubuhi.

Fundi_Mtwapa
Fungu lisipoisha jioni, una pengo. Afadhali lipewe mfululizo wake, L-2025-00001, na kihesabu chake hukohuko.

Bi_Daftari
Mimi hapo niko na Pweza nusu. Mifululizo miwili ni orodha mbili za kulinganisha kila mwezi, na ninaona fungu linafaa ikiwa zilizobaki zinaendelea kesho yake badala ya kutupwa.

Fundi_Mtwapa
Zikiendelea kesho, 460 ya Likoni itakuwa na tarehe ya Jumanne, na 520 ya mjini ya Jumatatu. Mkaguzi atauliza.

Bi_Daftari
Atauliza, na daftari la mafungu litamjibu. Mtandio, Likoni mnauza ankara ngapi kwa siku?