Umri wa mama: njaa, giza la jua na kifo cha rais vitoshe kuwa ushahidi, au tunabahatisha tu?

Kifunguamimba: Mtu asiye na cheti cha kuzaliwa, umri wake ukihesabiwa kwa matukio anayokumbuka, huo uhesabike kama ushahidi au ni hadithi tu? Mama yangu kitambulisho kinasema 01/01/1968, karani alimwangalia tu akaandika. Mama anasema yeye ni mdogo kuliko hapo, anakumbuka siku jua lilipoingia giza akiwa mtoto, na mama mkubwa anasema alizaliwa "mwaka wa njaa". Walikuwa wakiishi kusini mwa Kenya. Nyumbani tumegawanyika, wengine wanasema tuache ilivyo.

Saa Sita Kamili: Hapo hakuna mjadala bana, jua kupatwa ni hesabu haina siasa. Tafuta tarehe, toa umri aliokuwa nao, umemaliza. Jua liliingia giza Kenya tarehe 30 Juni 1973. Kama alikuwa na miaka sita basi ni 1967, na karani alikaribia kabisa, mnamlaumu bure.

Mzee wa Faili: Mimi nimefanya kazi ya kuandikisha watu miaka mingi na nitasema ukweli hata kama utauma. Kila mtu anayekaribia kustaafu ghafla anapata kumbukumbu mpya, na zote zinamfanya kijana. Sijawahi kuona hata mmoja aliyekuja kuniambia "niongezee miaka". Halafu fomu ina kisanduku kimoja cha tarehe, haina mahali pa kuandika "kati ya njaa na mafuriko". Mkikubali hadithi ya mmoja mtakubali za wote.

Nyuki: Mi nilizaliwa siku ya kupatwa kwa mwezi na bibi alisema nitakuwa na bahati, hadi leo naingoja hio bahati 😂 samahani kama sijaelewa swali

Karani Mstaafu: Nilisimamia makarani wa sensa zaidi ya mara moja, na kazi hii ya kumtafutia mtu mwaka tuliifanya kila siku kwa kalenda ya matukio, yaani orodha ya mambo makubwa yaliyotokea sehemu ile, kila moja na tarehe yake. Ila naona hapa watu wanaruka hatua.

Kwanza kaka wa 1973, uko nusu sawa. Giza kamili la 30 Juni 1973 lilipita kaskazini mwa Kenya, upande wa Ziwa Turkana, na kusini waliona jua limemegwa tu. Na jua likimegwa hata zaidi ya nusu, mchana haugeuki usiku, mwanga unafifia kama kuna wingu zito na mtoto anayecheza anaweza asitambue kitu. Kusini walipata giza lao kamili tarehe 16 Februari 1980, ule ukanda ulitoka Tanzania ukavuka kusini mwa Kenya hadi baharini. Kwa hiyo kuna siku mbili, zimepishana karibu miaka saba, na ukichagua isiyo yake umemkosea mtu miaka saba kwa mpigo.

Kifunguamimba, nenda kwa mama lakini usimwambie mwaka, wala usimuulize "ilikuwa asubuhi, siyo?" Muulize tu siku hiyo alikuwa wapi, anafanya nini, na nani, kuku walifanya nini, wakubwa walisema nini. Halafu nyamaza. Ukimtajia jibu atakubali kwa heshima tu halafu hutalitoa tena kichwani mwake.

Kifunguamimba: Nimempigia. Nimeandika alivyosema mwenyewe: "Tulikuwa tumetoka kisimani, nimembeba mtoto mgongoni, bado hatujala cha mchana. Giza likaingia kuku wakapanda mtini. Dada yangu alinicheka nikilia manake nilikuwa pengo, meno mawili ya juu mbele hayapo." Ameongeza kwamba ilikuwa Jumamosi, shule imefungwa.

Saa Sita Kamili: Jumamosi! Basi imeisha, angalieni kalenda mtaona 30 Juni 1973 ilikuwa Jumamosi. Nilisema.

Karani Mstaafu: Na 16 Februari 1980 nayo ilikuwa Jumamosi. Nilicheka nilipoangalia, maana siku ya wiki ndiyo kitu ambacho kwa kawaida kingetusaidia na hapa haitusaidii hata kidogo.

Kinachotenganisha ni saa. Giza la 1973 lilifika Kenya kwenye saa kumi alasiri. La 1980 lilipita kwenye saa tano na nusu hivi mchana. Mtu anayesema bado hatujala cha mchana hazungumzii saa kumi. Na kuku kupanda mtini ni giza lenyewe kamili. Huyu mama aliona la 1980, na hakuambiwa, maana mtu aliyesimuliwa anakupa jua na mwezi, hakupi kisima na pengo la meno.

Sasa meno. Mtoto anang'oka meno ya mbele ya juu kwenye miaka sita au saba, na mapya yanajaza pengo akiwa kwenye saba au nane. Kuna watoto wa mapema na wa kuchelewa, kwa hiyo mimi nampa kati ya sita na nane. Rudi nyuma kutoka Februari 1980 unapata kuzaliwa kati ya Februari 1972 na Februari 1974. Ile 1968 ya kitambulisho ingemfanya awe na miaka kumi na mbili siku hiyo, na msichana wa kumi na mbili hana pengo mbele labda ameanguka.

Mzee wa Faili: Labda ameanguka. Umejijibu mwenyewe.

Karani Mstaafu: Ni kweli mzee wangu, ndiyo maana tukio moja halitoshi, lazima lipate la pili ambalo halikutoka kinywani mwa mtu yule yule. Kifunguamimba, mama ana mdogo wake mwenye karatasi yoyote? Ya ubatizo, ya kliniki, chochote?

Kifunguamimba: Mjomba anayemfuata ana kadi ya ubatizo, kuzaliwa Mei 1975. Mama mkubwa anasema mjomba alipozaliwa mama alikuwa ameshaacha kunyonya na anatumwa chumvi kwa jirani.

Karani Mstaafu: Mtoto anayetumwa kwa jirani ni wa miaka miwili kwenda mbele. Basi mwisho wetu unasogea kutoka Februari 1974 hadi katikati ya 1973. Kipindi kimebaki Februari 1972 hadi Mei 1973, kama miezi kumi na tano. Hapo ndipo ushahidi unapofika, mimi siwezi kukupa zaidi bila kudanganya.

Binti Mwamba: Kwani si wampeleke apigwe eksirei ya mifupa, hospitali wanapima umri siku hizi

Dakta wa Zamu: Hapana dada, eksirei ya kiganja inaangalia mifupa inayokua, na ikishafungana, kwenye miaka kumi na nane kumi na tisa hivi, haisemi tena kitu. Mama wa miaka hamsini na kitu na wa hamsini na saba mifupa yao inafanana kabisa. Hata kwa kijana inakosea mwaka au miwili, watu wanaiamini kuliko inavyostahili.

Saa Sita Kamili: Sawa nimekubali la saa. Lakini na njaa mbona mmeiacha? Mama mkubwa amesema mwaka wa njaa. Njaa Kenya ni 1984, mahindi ya manjano, kila mtu anajua.

Karani Mstaafu: Ya 1984 haiwezi, maana 1980 alishakuwa na pengo. Ila umegusa kitu muhimu. Njaa ndiyo tukio baya kuliko yote kwenye kalenda yetu, kwa sababu haina siku. Mvua inakosa, miezi inapita kabla ghala halijaisha, halafu inaendelea hadi mavuno yanayofuata, kwa hiyo "mwaka wa njaa" unaweza kuwa miaka miwili. Halafu zinajirudia na watu wanaziita "njaa ile". Makarani wangu niliwafundisha wasiandike njaa bila alama yake. Ya 1961 alama yake ni mafuriko yaliyoifuata mwishoni mwa mwaka ule ule. Ya 1984 ndio hayo mahindi ya manjano. Mtu asipokupa alama, njaa yake iache pembeni.

Hapa nadhani mama mkubwa amechanganya watoto. Katikati ya miaka ya sabini kulikuwa na ukame, na aliyezaliwa Mei 1975 ni mjomba. Dada mkubwa aliyelea wadogo wengi anaweza kumpa mmoja njaa ya mwingine. Si uongo, ndivyo kichwa kinavyoweka vitu.

Mzee wa Faili: Kwa hiyo ushahidi ukikubaliana nawe ni ushahidi na usipokubaliana umechanganya watoto. Vizuri sana. Na mjomba wa Mei 1975 angekuwa anakaribia miaka mitano Februari 1980. Mtoto wa miaka saba anambeba wa miaka mitano mgongoni kutoka kisimani? Hilo hamkuliona.

Karani Mstaafu: Sikuliona. Hilo ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Kama hakuna mtoto mdogo mwingine, hadithi ya kisimani imeunganishwa kutoka siku mbili na hesabu yangu ya meno inalegea.

Kifunguamimba: Nimempigia mama mkubwa, sikumwambia chochote, nimemuuliza tu siku ya giza mama alikuwa amembeba nani. Alikaa kimya kidogo. Akasema alikuwa amembeba marehemu, mdogo wao wa mwisho ambaye sisi wajukuu hatukuwahi kusikia habari zake. Alizaliwa wiki ile redio ilipotangaza Kenyatta amekufa, na hakufika miaka mitatu.

Karani Mstaafu: Kenyatta alikufa 22 Agosti 1978. Mtoto huyo angekuwa na mwaka mmoja na nusu siku ya giza. Wa kubebwa mgongoni kabisa. Pole kwa msiba huo wa zamani.

Mzee wa Faili: Nakubali la mtoto. Sikubali la fomu. Utaandika tarehe gani kati ya miezi kumi na tano? Ukiandika 01/01/1973 umetunga siku kama yule karani alivyotunga, umetunga tu karibu zaidi.

Dakta wa Zamu: Karibu zaidi ni miaka mitano ya mshahara, mzee.

Karani Mstaafu: Mimi ningeweka alama kwamba mwaka ni wa kukadiriwa, na maelezo yote yaambatanishwe na kiapo cha mama mkubwa akiwa bado hai. Lakini mzee ana haki, kompyuta za ofisi nyingi hazina mahali pa hiyo alama.

Saa Sita Kamili: Na atastaafu kwa mwaka upi, wa kwanza wa hicho kipindi au wa mwisho?

Mzee wa Faili: Wa kwanza.

Dakta wa Zamu: Wa mwisho, shaka iende kwa mwenye umri.

Kifunguamimba: Mama anasema apewe Oktoba, kwa sababu mama yake alimwambia mvua za vuli zilikuwa zinaanza. Alikuwa hajawahi kutuambia hilo.

Karani Mstaafu: Oktoba ndani ya kipindi chetu ni moja tu, ya 1972. Lakini muulize kwanza alisikia kutoka kwa nani, na lini.